Alama Nyeusi Chini ya Ukucha

Ukucha huota kutoka shinani, mahali unapoingia chini ya ngozi, na kila siku husogea mbele kidogo kidogo. Ukucha wa mkono huenda yapata milimita 3 kwa mwezi. Ule wa mguu ni mvivu, huenda kama nusu yake. Kwa mwendo huo mtu aweza kutambua weusi wa ukucha umetoka wapi.

Palikuwa na seremala aliyejipiga nyundo kidole gumba. Kidole kiliuma sana, na chini ya ukucha pakatokea doa jekundu, kisha likawa jeusi. Ilikuwa damu iliyovilia. Baada ya mwezi mmoja doa lilikuwa limesogea mbele, na nyuma yake, upande wa shina, ukucha ulikuwa safi. Mwezi wa sita alilikata pamoja na ncha.

Mama yake naye alikuwa na ukucha mnene mguuni, wa rangi ya manjano, uliomeguka kama unga. Ubaya wake ulianzia nchani ukarudi nyuma polepole kwa miaka. Hiyo ni kazi ya kuvu, ambayo watu huiita fangasi. Daktari hukata kipande akakipima, kisha hutoa dawa ya miezi mingi. Si jambo la kukimbilia usiku.

Lakini ndugu yake seremala alikuwa na mstari mweusi katika kidole gumba cha mguu, kutoka shinani hata nchani. Yeye alidhani amebanwa na kiatu. Miezi mitatu ikapita, ukucha ukakua, wala nafasi safi haikuonekana shinani, kwa kuwa rangi ile ilikuwa ikitengenezwa pale pale kila siku. Tena mstari ulipanuka kupita milimita 3, kingo zake zikaparaganyika, hudhurungi ikachanganyika na weusi, na ngozi ya shinani nayo ikaingia rangi.

Watu weusi wengi wana mistari ya namna hiyo katika kucha kadhaa, wala haiwadhuru. Bali mstari mpya wa mtu mzima, ulio katika ukucha mmoja tu na wenye kupanuka, huenda ukawa saratani iitwayo melanoma. Huo haungojewi hata mwezi mmoja. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alionekana na saratani hiyo katika kidole cha mguu mwaka 1977, mahali palipodhaniwa kwanza kuwa pameumia katika mpira. Alikufa mwaka 1981, naye ana miaka 36.

Ndugu yule alipofika hospitali, daktari alimtia ganzi akachukua kipande cha nyama shinani, maana kukata ncha ya ukucha hakuonyeshi kitu. Ikaonekana ni saratani, ila haijashuka ndani. Ukucha wote uliondolewa pamoja na shina lake, akabandikwa ngozi mahali pake, na kidole kikasalimika.