Maiki Ikitoka kwa Mshereheshaji

Washereheshaji wengi hutaja jina la mgeni mapema mno. Chukua kikao cha wazazi shuleni, muuguzi wa kituo cha afya amealikwa kuzungumzia chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Anatajwa, watu wanapiga makofi, anainuka. Kumbe utambulisho ndiyo kwanza unaanza. Anabaki kasimama katikati ya viti, mkoba mkononi, akisikiliza vyeti vyake vikisomwa. Akifika mbele, ukumbi umeshapoa.

Geuza mpangilio. Anza na linalowagusa wazazi: mabinti zao wamefikia umri wa kuchanjwa. Kisha eleza kwa sentensi moja au mbili kwa nini huyu ndiye wa kulizungumzia, pengine ndiye anayewapima watoto wa kata hiyohiyo kila kliniki. Jina lije mwisho kabisa, kwa sauti ya kupanda, nawe uwe wa kwanza kupiga makofi. Kwa kuwa umeshika maiki, pigia kiganja kwenye mkono ulioishika, la sivyo spika zitanguruma. Baada ya jina usiongeze neno. Tangazo la gari lililoziba geti lilipaswa kutoka mapema.

Makofi hayadumu. Mgeni aliyeketi safu ya nyuma atafika yakiwa yamekwisha, na atatembea hatua za mwisho kimyakimya. Kwa hiyo mhamishie kwenye kiti cha pembeni, safu ya mbele, kabla hujaanza kumtambulisha. Mzee anayetembea kwa shida afuatwe alipo.

Halafu maiki yenyewe. Usiizime. Ukimpa ikiwa imezimwa, maneno yake ya kwanza yatakuwa “Haloo, haloo, mnanisikia?” na fundi mitambo atakimbilia mashine bure. Iache wazi, iwe mbali na mdomo, na usipite nayo mbele ya spika: maiki ikinasa sauti inayotoka kwenye spika, sauti huzunguka na kupiga mluzi. Kukifunika kichwa chake kwa kiganja, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanazuia kelele, huongeza mluzi huo.

Kwetu mkono wa kulia ndio wa kusalimia na ndio wa kukabidhi, na hapo ndipo watu wanapogongana mikono. Shika maiki kwa kushoto, msalimie kwa kulia, kisha ihamishie kulia na umpe. Wewe shika karibu na kichwa ili yeye apate mpini, na kidole gumba kikae mbali na swichi. Usiachie mpaka usikie ameikamata.

Ikiwa maiki iko kwenye stendi, irekebishe kwa kimo chake kabla hujaondoka, maana akianza kuhangaika na skrubu mwenyewe, makofi yote uliyomtafutia yatakuwa yameisha. Kisha ondokea upande ambao yeye hakutokea, ukakae chini.