Seva Inaonekana, Mlango Umefungwa

Seva ya Minecraft ya toleo la Java inaweza kuonekana vizuri kwenye orodha ya mchezaji, jina na picha yake vikiwa mahali pake, kisha ikamkataa mara tu anapobonyeza kuingia. Hili hutokea sana baada ya sasisho, na sababu yake imo katika namna mchezo unavyozungumza na seva.

Kompyuta ya mchezaji inapofungua mawasiliano hutuma namba ya itifaki yake pamoja na namba nyingine inayotaja nia: 1 ni kuuliza hali ya seva, 2 ni kuomba kuingia. Anayeuliza hali hujibiwa hata kama toleo lake ni tofauti. Anayeomba kuingia hupimwa kwanza, na itifaki zisipolingana hukatiwa mawasiliano. Kwa hiyo seva ikionekana kwenye orodha, mtandao na mlango wa 25565 vinafanya kazi, na hakuna haja ya kuhangaika na ruta. Dalili ya kosa huwa papo hapo: pale penye idadi ya wachezaji huandikwa toleo la seva kwa rangi nyekundu.

Kinachofuata ni kujua nani amebaki nyuma. Seva za Spigot na Paper hulisema wazi. Ujumbe `Outdated client!` unamhusu mchezaji. `Outdated server! I'm still on 1.20.4` unaihusu seva. Majina ya matoleo peke yake hupotosha: 1.20.3 na 1.20.4 hutumia itifaki moja, 765, na huingiliana bila shida, ilhali 1.20.6 hutumia 766.

Tuseme mwenye seva ya Paper amepakua faili la 1.20.6 na kuiwasha upya seva, lakini wachezaji wa 1.20.6 bado wanaambiwa seva iko 1.20.4. Asiamini jina la faili alilopakua. Aulize seva yenyewe imewaka na toleo gani:

```
grep "Starting minecraft server version" logs/latest.log
```

Ikijibu 1.20.4, mara nyingi skripti ya kuwashia bado inataja faili la zamani. Kabla ya kuirekebisha ni lazima anakili folda ya dunia ya mchezo, kwa kuwa dunia ikishafunguliwa na toleo jipya haitegemewi kurudi kwenye la zamani.

Baada ya marekebisho hayo seva inaweza kutoweka kabisa kwenye orodha. Hilo ni kosa jingine: kuanzia 1.20.5 Minecraft inahitaji Java 21, na kwenye Java 17 programu hufa ikiandika `UnsupportedClassVersionError`. Dawa ni kusakinisha Java 21.

Wakati programu-jalizi za seva bado hazijatolewa kwa toleo jipya, ni afadhali seva ibaki 1.20.4 na wachezaji wachague toleo hilo katika programu ya kuanzishia mchezo. ViaVersion huweza kuwapokea wenye toleo jipya zaidi, ila haitibu tofauti za modi zilizowekwa pande zote mbili.