Saa Kumi na Sita Bila Kula

Anayefuata mtindo wa 16:8 hali kitu tangu saa mbili usiku hadi saa sita mchana wa siku ya pili. Katika saa hizo 16 anaruhusiwa maji, kahawa chungu na chai ya rangi isiyotiwa sukari. Saa sita ikigonga anakula mpaka saa mbili usiku, na kwa kawaida hakuna anayemwambia ale nini wala kiasi gani. Utamu wa mtindo huu uko hapo: hupimi ugali, huhesabu kalori, unatazama saa tu.

Wanaounadi mtandaoni huongeza kwamba mtu akikaa muda mrefu bila kula, sukari ya akiba iliyoko kwenye ini hupungua na mwili ukageukia mafuta. Ni kweli. Ila mafuta yaliyotumika asubuhi yanaweza kurudi yote jioni kwa sahani mbili za pilau, kwa hiyo habari za kuchoma mafuta peke yake hazitoshi. Tunachotaka kujua ni kama anayefunga, baada ya miezi kadhaa, anapungua kumshinda asiyefunga.

Mmoja wa waliolitaka sana jibu hilo ni Ethan Weiss, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambaye mwenyewe alikuwa akifunga hivyo kwa miaka. Yeye na wenzake waliwachukua watu 116 wenye uzito uliozidi, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lile kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu, na jingine lile milo mitatu kama kawaida. Hakuna aliyeambiwa apunguze chakula. Baada ya wiki 12 waliofunga walikuwa wamepungua wastani wa gramu 940, na wasiofunga gramu 680. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa bahati tu. Waliofunga walionekana pia kupoteza misuli kuliko ilivyotarajiwa, jambo baya hasa kwa mtu mzima ambaye misuli yake imeshaanza kupungua yenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na Weiss akaacha kufunga.

Mtetezi wa mtindo huu atasema wiki 12 ni chache, tena walikula ovyo. Hoja hiyo ilijibiwa Guangzhou, China, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022. Watu 139 wenye unene wa kupindukia walipewa kiwango kimoja cha chakula: wanaume kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, wanawake 1,200 hadi 1,500. Nusu yao walitakiwa kukimaliza chakula hicho kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, wengine wakala saa wanazotaka. Mwaka ulipokwisha, waliobanwa saa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 8, na wasiobanwa kilo 6.3. Kitakwimu, watafiti hawakuweza kusema kwamba saa zilileta tofauti yoyote. Shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu navyo vilikwenda karibu sawasawa katika makundi yote mawili.

Ukiyaweka majaribio hayo pamoja, picha inaeleweka. Kilichowapunguza watu wa Guangzhou ni kula kidogo kuliko mwili unavyotumia. Wale wa San Francisco walibanwa saa bila kupunguziwa chakula, wakabaki karibu palepale. Kufunga husaidia pale tu kunapomfanya mtu ale kidogo bila kujihesabia, na wapo ambao kweli huwatokea hivyo: akiruka chai na chapati mbili za asubuhi, hazilipizi mchana. Kwa mtu wa namna hiyo mtindo huu ni njia halali sawa na nyingine, na kama anauona mwepesi kuliko kupima chakula, aendelee nao. Anayefika saa sita akiwa na njaa ya kula chipsi, soda na maandazi kwa mpigo asitegemee mzani umhurumie.

Wafungao Ramadhani wanalijua hili kwa uzoefu. Tafiti zilizowafuatilia zimeona wengi hupungua kilo moja hivi ndani ya mwezi, na sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi.

Kuna dokezo moja linalostahili kuangaliwa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Alabama, Marekani, waliwalisha wanaume 8 wenye dalili za mwanzo za kisukari ndani ya saa sita, mlo wa mwisho ukiwa kabla ya saa tisa alasiri. Chakula kilipangwa ili uzito usishuke. Hata hivyo, baada ya wiki tano insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na shinikizo la damu likashuka. Huenda kula mapema kuna faida yake. Lakini wanaume wanane ni wachache mno, na sijui ni nyumba gani ya kwetu itakayokubali chakula cha usiku kiliwe saa nane mchana.

Kuhusu uzito, basi, kosa la kujaribu si kubwa. Kwa anayetumia dawa za kisukari ni habari nyingine.

Chukua mama wa miaka 60 anayemeza glibenklamidi asubuhi, kidonge cha bei nafuu kinachotumika sana kwetu. Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, na hakiulizi kama amekula. Nguvu yake yaweza kudumu hadi saa 24, na figo zikiwa zimechoka hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Sasa mwanawe amemshawishi aache kifungua kinywa. Saa moja asubuhi anameza dawa kama alivyozoea. Kufika saa nne insulini inaendelea kuondoa sukari kwenye damu na hakuna chakula kinachoirudisha. Anatokwa jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Asiposaidiwa anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na jirani anaweza kudhani ana usingizi au amekasirika. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, hapo hakuna kufunga tena: sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula kamili. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Utafiti uliofanyika katika nchi 13 wakati wa Ramadhani ya mwaka 2001 uliona kuwa kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Ndiyo maana anayechoma insulini au kumeza vidonge vya jamii ya glibenklamidi asianze mtindo wowote wa kufunga kabla daktari hajampangia dozi na saa upya. Kwa Ramadhani, miongozo inashauri aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia metformini peke yake yuko salama zaidi, ingawa naye aulize.

Wengine wasiofaa kufunga kwa ajili ya kupunguza uzito ni wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua, wazee waliodhoofika, na yeyote ambaye tayari ni mwembamba. Nisisitize kundi moja linalosahaulika: mtu aliyewahi kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, au anayekula kupita kiasi kisha akajitapisha. Huyu kufunga humpa kisingizio kizuri. Atasifiwa nidhamu, na walio karibu naye watachelewa kugundua kwamba ugonjwa umerudi. Dalili za kuangalia ni kukwepa kula na wenzake hata ndani ya saa anazoruhusiwa, kuongeza saa za kufunga kila wiki, na kwa msichana, kukatika kwa siku zake.