Kasi ya Ukuaji wa Watoto Kabla ya Mavuno: Mfano wa Keneba, Gambia
Katika kijiji cha Keneba, akiba ya nafaka hupungua wakati wa mvua, takribani Julai hadi Oktoba, kabla ya mavuno. Kipindi hichohicho malaria na kuhara huongezeka, nao akina mama hushinda mashambani. Kwa hiyo si haki kuilaumu njaa pekee. Uzito ndio hudorora kwanza, urefu ukifuata baadaye, hata mtafiti apimaye urefu katikati ya mvua tu huweza kudhani hakuna athari. Aidha, mtoto wa miaka miwili hurefuka kiasi cha sentimita 0.7 kwa mwezi. Kosa la upimaji la nusu sentimita humeza sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Katika miezi mitatu, ongezeko hukaribia sentimita 2, na kosa lilelile hupungua uzito.