Kitenge na kilemba: rangi zinapatana ao hapana?

Tuseme mama mmoja wa Bukavu anapiga picha usiku, chini ya ampuli ya manjano, anaituma kwa ndugu zake: «Vinapatana?» Dada anaona kitenge na kilemba vyote ni kahawia, anakubali. Asubuhi, kule nje, kilemba kinatoka kijani kibichi-kahawia. Ampuli ile ina mwanga mdogo wa bluu, na simu nayo inarekebisha rangi yenyewe.

Lakini kaka, hata juani, anasema ni sawa. Pengine ana upofu wa rangi: nyekundu, kijani na kahawia zinamchanganya. Hali hiyo hupata zaidi wanaume, na mara nyingi wanairithi kwa mama.

Afadhali apige picha mchana, kivulini, na karatasi nyeupe pembeni. Karatasi ikitoka ya manjano, kilemba pia kimebadilishwa.