Bomba la maji taka chini ya njia ya gari

Boza la maji la lita 10,000 likiingia uani, maji peke yake yana uzito wa tani 10. Mzigo huo hushuka ardhini kupitia matairi machache, na chini yake huenda limelala bomba la plastiki la inchi 4 linalotoka chooni kwenda kwenye septiki. Mwenye nyumba anaweza kudhani kwamba ugumu wa plastiki ndio utakaolinusuru. Lakini bomba la PVC hunyumbulika. Likikandamizwa kutoka juu, hupanuka ubavuni na kutaka kuwa na umbo la yai, na kinachozuia upanuzi huo ni udongo ulioshindiliwa pande zote mbili. Mbavu zikiwa tupu au laini, hata bomba nene litabonyea.

Tuchukue nyumba ya kawaida Dar es Salaam. Kutoka chemba ya chooni hadi septiki kuna mita 12, na katikati bomba linapita chini ya njia ya gari. Fundi ametumia mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 60, kwa hiyo mwisho wa bomba uko chini kuliko mwanzo wake kwa sentimita 20. Mgongo wa bomba uko sentimita 60 chini ya ardhi penye chemba, na 80 penye septiki.

Mtaro wenyewe una upana wa sentimita 45, nafasi ya kutosha kuingiza mguu au mti wa kushindilia kila upande. Mtaro mwembamba unaookoa jasho la wachimbaji ndio huo unaomnyima fundi nafasi ya kushindilia mbavu. Chini kabisa hutandikwa sentimita 10 za kokoto ndogo, zisizozidi milimita 10 hivi, zikisawazishwa kwa kufuata kamba ya mteremko. Chini ya kila soketi kokoto huondolewa kidogo ili bomba lilale kwa urefu wake wote. Hilo lisipofanyika, bomba huning'inia kati ya soketi na soketi na kupinda siku mzigo unapokuja. Midomo ya soketi hutazama kule maji yanakotoka.

Kazi iliyobaki ndiyo mafundi wengi huiharakisha. Kokoto humwagwa pande zote mbili kwa zamu, ili bomba lisisukumwe upande mmoja, kisha husukumizwa kwa mkono au kwa mti hadi ziingie chini ya mkunjo wa bomba, pale ambapo jicho halioni. Hujazwa hivyo hadi zifunike mgongo kwa sentimita 10. Kwa mtaro wetu zinahitajika takriban mita 1.6 za ujazo. Si nyingi, lakini ndizo hukatwa kwanza bajeti ikibana, na badala yake hurudishwa kifusi kilekile chenye vipande vya matofali. Kipande kimoja kikigusa plastiki, mzigo wote hukusanyika kwenye ncha hiyo. Udongo uliochimbwa urudi juu ya kokoto tu, kwa tabaka, na mashine ya kushindilia isiguse hapo kabla bomba halijafunikwa kwa sentimita 30 hivi.

Sasa kina. Bustanini sentimita 60 juu ya bomba zinatosha. Chini ya njia ya gari kanuni za Uingereza, kwa mfano, zinataka 90, na bomba letu hapo lina 70 tu. Kulishusha kungemaanisha kuishusha septiki nayo. Njia rahisi zaidi ni bamba la zege lenye nondo juu ya mtaro, pana kiasi cha kukalia ardhi isiyochimbwa kwa sentimita 30 kila upande. Kati ya bomba na bamba hubaki kokoto, na juu ya kokoto tabaka laini linalobonyea, ili gari likipita zege lisiegemee bomba. Kulizamisha bomba lenyewe ndani ya zege, kama wengine wanavyofanya kwa nia njema, hulifanya ligande: ardhi ikititia, hukatika pale zege linapoishia.

Bomba lililobonyea hujitangaza polepole. Maji ya choo hushuka kwa uvivu, karatasi hukwama mahali palepale, chemba hujaa mvua ikinyesha kwa sababu viungo vilivyopinda vimeanza kuingiza maji ya ardhini. Wakati huo njia imeshasakafiwa.

Kwa hiyo kipimo kifanywe mapema, baada ya mtaro kujazwa na kabla fundi hajalipwa salio lake. Tundu la bomba la milimita 110 lina karibu milimita 103, na kubonyea kwa zaidi ya asilimia 5 hivi ni dalili kwamba mbavu hazikushindiliwa. Chonga duara la mbao la milimita 97, lifunge kamba pande mbili, ulivute kutoka chemba hadi septiki. Likikwama, pima urefu wa kamba iliyoingia: hapo ndipo pa kufukua.