Ardhi ya Wawili: Mmoja Akifa, Nani Anabaki Nayo?

Majina mawili yakiandikwa kwenye hatimiliki moja, sheria ya Kenya huuliza kwanza yameandikwa kwa namna gani. Wenye majina hayo wanaweza kuwa wanamiliki kwa pamoja, au wanamiliki kwa hisa. Wakiwa hai na wanaelewana, tofauti hiyo haionekani: wote wawili wanaingia shambani, wanalima, wanajenga, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba upande huu si wake. Inajitokeza siku mmoja wao anapokufa, au siku wanapogombana.

Katika umiliki wa pamoja, hakuna mwenye fungu lake. Wamiliki huhesabiwa kama mtu mmoja mwenye shamba lote, ndiyo maana hakuna anayeweza kuliuza au kuliweka rehani bila saini ya wenzake. Akifa mmoja, hakiachwi kitu cha kurithiwa. Waliobaki hai wanaendelea kushika kile kile walichokuwa wakikishika, na wa mwisho kubaki huwa mmiliki pekee. Hii ndiyo haki ya aliyebaki hai.

Katika umiliki wa hisa, kila mtu ana fungu lake, mathalani nusu au theluthi, ingawa ardhi yenyewe haijapimwa wala kuwekewa mawe ya mpaka. Mwenye hisa akifa, hisa yake inaingia kwenye mirathi yake na kufuata wosia, au sheria ya mirathi kama hakuacha wosia. Akitaka kumuuzia mgeni, lazima apate idhini ya maandishi ya wenye hisa wenzake, nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya maana.

Chukua mfano wa mjane mwanamume wa Nakuru mwenye watoto watatu wakubwa. Anaoa tena, na yeye na mke wake mpya wananunua ploti ya ekari moja. Wakili anawauliza waandikishwe vipi, nao, kwa mapenzi ya siku zile, wanajibu “kwa pamoja”. Miaka kumi baadaye mume anaandika wosia akiwaachia watoto wake nusu ya ploti. Anapofariki, watoto wanakwenda mahakamani na wosia mkononi. Mke haendi huko. Anakwenda kwa msajili wa ardhi akiwa na cheti cha kifo, na kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka msajili, akisharidhika kwamba kifo kimethibitishwa, afute jina la marehemu kwenye rejista. Ploti inabaki kwa jina la mke peke yake. Wosia ni halali kwa mali nyingine za marehemu, lakini juu ya ploti hii haukuwa na cha kushika, kwa sababu dakika mume alipokata roho hakuwa na nusu ya kumwachia mtu.

Kama wangejiandikisha kwa hisa sawa, mambo yangekuwa mengine kabisa. Nusu ya mume ingepitia kwa msimamizi wa mirathi hadi kwa watoto, na mama huyo angejikuta ana washirika watatu kwenye uwanja wa nyumba yake. Haki ya aliyebaki hai haina ubaya wala wema wa kuzaliwa nao. Humlinda mjane asifukuzwe na ndugu wa marehemu, na kwa mkono ule ule huwakosesha watoto wa ndoa ya kwanza. Na kama mke ndiye angetangulia kufa, hasara ingewaangukia watu wa upande wake.

Pengine ndiyo sababu sheria ya sasa imebana mlango. Tangu mwaka 2012, umiliki mpya wa pamoja unaweza kuundwa na mume na mke tu, isipokuwa mahakama iruhusu. Ndugu, marafiki au mzazi na mwanawe wakiandika “kwa pamoja”, maandishi yao yanahesabiwa kuwa ya hisa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka kanuni kama hiyo mapema zaidi. Nchini Kenya, hati za pamoja zilizotolewa kabla ya sheria hiyo hazikufutwa, kwa hiyo bado zipo hati za zamani za baba na mwana ambazo aliyebaki hai atachukua zote.

Hati ikinyamaza, isiseme ni umiliki wa namna gani, sheria hudhani kwamba ni wa hisa, tena hisa zilizo sawa. Hapa wengi huumia. Ndugu watatu wanachanga shilingi milioni 1.2: mkubwa anatoa 600,000, wa pili 360,000, na mdogo 240,000. Wakiacha hati bila maelezo, dhana ya kuanzia ni kwamba kila mmoja ana theluthi, na mkubwa anayetaka nusu yake atalazimika kuithibitisha kwa risiti na mashahidi. Mstari mmoja kwenye hati ya uhamisho, wa nusu, asilimia 30 na asilimia 20, ungemwondolea kesi hiyo yote.

Lipo swali la yule aliye kwenye umiliki wa pamoja na hautaki tena. Anaweza kuuvunja, yaani kuugeuza kuwa wa hisa, na kuanzia hapo haki ya aliyebaki hai inakoma. Uingereza, ulikotoka mfumo huu, hatua hiyo ni rahisi kupita kiasi: sheria ya mwaka 1925 inamruhusu mmoja kumwandikia mwenzake barua tu. Katika kesi ya Kinch na Bullard, iliyoamuliwa mwaka 1998, mke aliyekuwa mgonjwa mahututi na anayetafuta talaka alimtumia mumewe barua ya namna hiyo kwa posta. Kabla mume hajaiona, alishikwa na ugonjwa wa moyo. Mke akatambua kwamba huenda yeye ndiye atakayebaki hai, akaichukua barua ilipofika nyumbani na kuiharibu. Mume akafa, na mke naye akamfuata baada ya miezi michache. Mahakama iliamua kwamba barua ilikwisha kufanya kazi yake ilipofikishwa kwenye nyumba ya mume, hata kama hakuisoma, na mke hakuweza kuirudisha nyuma. Nusu ya nyumba ikaenda kwenye mirathi ya mume.

Kenya haikufuata njia hiyo. Kifungu cha 91 kinataka wamiliki wakubaliane, watie saini hati maalumu, kisha wasajiliwe upya kama wenye hisa. Wala mmoja hawezi kukwepa kwa kumuuzia mgeni sehemu yake, kwa sababu uhamisho kwa mtu asiye mmoja wa wamiliki wenyewe ni batili. Mwenzake akikataa kutia saini, inabaki mahakama, na kwa wanandoa suala hilo kwa kawaida huibuka wakati wa talaka, mali inapogawanywa. Makubaliano ya mdomo mbele ya wazee, au wosia ulioandikwa kwa siri, hauvunji chochote. Kinachotazamwa ni rejista ilivyosema siku ya kifo.

Ajali ikiwaua mume na mke na isijulikane nani alitangulia, Sheria ya Mirathi ya Kenya, kifungu cha 43, inadhani walikufa kwa wakati mmoja. Kwa watu wasio wanandoa, mdogo kwa umri ndiye anayehesabiwa kuwa aliishi zaidi. Kwa hiyo kwenye zile hati za zamani za baba na mwana, wote wawili wakifa pamoja barabarani, shamba linakwenda kwa warithi wa mwana.